Shajara ya Mradi: Kumtangaza Mwandishi Mpya Bila Kukitoboa Kisa Chake

4 Mei

Mswada wa *Daftari la Pantoni* umerudi kutoka kwa mhariri ukiwa na kurasa 224, hesabu inayogawanyika vizuri katika mikunjo 14 ya kurasa 16, na kuanzia leo kazi yangu ni kutangaza uzinduzi wake utakaofanyika Tanga Jumamosi ya tarehe 25 Julai. Mwandishi ni mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye hajawahi kuchapisha kitabu. Sote tunamwita Mwalimu, na katika shajara hii nitaendelea kumwita hivyo.

Ugumu wa kazi hii unatokana na mambo mawili yanayovutana. Jina la Mwalimu halijulikani nje ya wanafunzi wake na majirani, kwa hiyo hakuna atakayenunua kitabu kwa sababu ya jina peke yake. Kinachoweza kumvuta mgeni ni kisa chenyewe. Lakini kisa hicho kimejengwa juu ya jambo moja lililofichwa, na msomaji akilijua mapema, zaidi ya nusu ya riwaya itakuwa imenyang'anywa uzito wake. Inabidi tuuze kitabu kwa kutumia kile kile tunacholazimika kukificha.

Leo tumekubaliana na Mwalimu na mhariri juu ya mpaka. Kila kitakachosemwa hadharani kabla ya uzinduzi, kiwe katika tangazo, jalada, mahojiano au usomaji wa ukumbini, lazima kitoke katika kurasa 31 za mwanzo. Tumechagua ukurasa wa 31 kwa sababu hapo ndipo mhusika mkuu anapoacha kujiuliza swali lake la kwanza na kuanza kulitafutia jibu. Kabla ya hapo msomaji anafunguliwa mlango, na baada ya hapo kila ukurasa unamwongoza kuelekea jibu. Kwa kuwa shajara hii itasomwa na watu ambao baadhi yao watakinunua kitabu, nami nitaufuata mpaka huo huo.

11 Mei

Nimeanza kuandika maelezo ya jalada la nyuma, kwa sababu ndiyo yatakayozaa matangazo mengine yote. Jalada lina nafasi ya maneno yapatayo 120 tukiacha mahali pa msimbo wa ISBN na bei.

Rasimu ya kwanza niliitoa katika muhtasari ambao Mwalimu alituletea pamoja na mswada. Muhtasari wa kumpelekea mchapishaji hueleza kisa kizima pamoja na mwisho wake, na ndivyo unavyopaswa kuwa, kwa kuwa mchapishaji anataka kujua kama mwandishi ameweza kufika alikokwenda. Ila hata nilipoufupisha kwa kuondoa theluthi ya mwisho, maelezo yalibaki na tabia ya muhtasari: tukio linafuatwa na tukio, na msomaji anayemaliza kuyasoma anahisi kwamba ameshasimuliwa. Mtu aliyeshasimuliwa hana sababu ya kununua.

Mhariri naye alipendekeza rasimu ya upande wa pili kabisa, ambayo haikutoa siri hata moja: "Siri nzito iliyozikwa miaka mingi. Upendo, usaliti na ukweli usiosemeka. Riwaya itakayokugusa moyo." Tuliiweka mezani na kujiuliza ni riwaya zipi tunazozijua ambazo maneno haya yasingezifaa, tukashindwa kutaja hata moja. Maelezo ya namna hii huonekana kuwa ya tahadhari, lakini msomaji hawezi kutamani kujua jambo ambalo hajaonyeshwa hata ukingo wake. Neno "siri" halimfanyi mtu aulize chochote, kwa sababu hajui siri hiyo inamhusu nani, ilitokea wapi, wala ni kitu gani kisichokaa sawa.

Tuliyemfuata hatimaye ni mtegaji wa kitendawili. Anayesema "nyumba yangu haina mlango" hasemi kwamba ana siri nzito. Anataja kitu kinachoonekana, anakitaja kwa ukweli, kisha anaweka ndani yake kasoro moja ambayo akili haiwezi kuiacha. Yai halitajwi, lakini kila neno lililotajwa ni la yai. Hivyo nilirudi kwenye kurasa 31 nikitafuta jambo moja la aina hiyo, nikalikuta ukurasa wa 18, mahali ambapo Mwalimu mwenyewe alikuwa amelitandaza katika aya mbili ndefu. Rasimu ya tatu inasomeka hivi:

"Pangani, Novemba 1967. Jioni moja pantoni inaondoka Bweni ikiwa na abiria kumi na mmoja, na daftari la karani linaonyesha kuwa ng'ambo waliteremka kumi na mmoja. Miaka thelathini baadaye, karani amefariki na binti yake amerithi daftari. Anayahesabu majina ya jioni ile. Ni kumi na mawili."

Nilipomsomea Mwalimu kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hicho ndicho kilichonikosesha usingizi hata nikaanza kuandika." Kauli hiyo ni ushahidi mzuri kwamba tumeshika kiini cha kitabu, maana swali lililomsukuma mwandishi kuandika mara nyingi ndilo litakalomsukuma msomaji kusoma.

18 Mei

Wiki hii rasimu zote tatu zimesomwa na watu ambao hawajauona mswada: mkutubi, muuzaji wa vitabu vya mitumba, vijana wawili wanaofanya kazi katika duka la vifaa vya shule, na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Sikumwuliza yeyote kama ameipenda rasimu, kwa sababu watu wenye adabu hujibu kwamba wameipenda. Niliwauliza maswali mawili tu: unadhani kitabu hiki kinahusu nini, na ungependa kujua nini zaidi?

Majibu ya swali la kwanza hupima kama tumetoa mno, na majibu ya swali la pili hupima kama tumetoa kidogo mno. Kwa rasimu ya kwanza wote walieleza kisa kwa usahihi, na walipofika kwenye swali la pili hawakuwa na la kuuliza isipokuwa bei. Kwa rasimu ya pili kila mmoja alibuni kitabu chake, mmoja akidhani ni cha ndoa na mwingine akidhani ni cha uchawi. Kwa rasimu ya tatu wote waliuliza jambo moja, kila mtu kwa maneno yake: yule wa kumi na mbili ni nani? Watu wasiojuana wakiuliza swali moja, tangazo limefanya kazi yake.

Hata hivyo, mzee wa mkonge alitufunulia mwanya ambao vijana wasingeuona. Aliposikia Pangani na mwaka 1967 alisema papo hapo, "Huo ndio mwaka wa Azimio la Arusha, basi hii ni habari ya mashamba kutaifishwa." Sitaeleza hapa kama alikuwa karibu na ukweli au mbali nao, ninachoweza kusema ni kwamba mwaka mmoja uliotajwa kwa tarakimu ulimfanya aache kuuliza juu ya daftari na kuanza kujijibu kwa historia aliyoiishi. Kwa msomaji wa miaka ishirini tarehe ile ni mandhari tu, lakini kwa msomaji wa miaka themanini ni jibu. Tumeondoa mwezi na mwaka na kuandika "mwishoni mwa miaka ya sitini", maneno ambayo bado yanampa msomaji wakati wa kisa bila kumkabidhi ufunguo, ama wa kweli ama wa bandia.

Jambo jingine tulilolihakiki ni uaminifu wa swali lenyewe. Ni rahisi kumtamanisha mtu kwa swali ambalo kitabu hakilijibu, au kinalijibu kwa sentensi moja isiyo na maana, na msomaji aliyedanganywa hivyo na mwandishi mpya hatarudi kwa kitabu cha pili. Katika riwaya hii jina la kumi na mbili linajulikana mapema kuliko watu watakavyotarajia, na hapo swali zito zaidi linafunguka. Tangazo linaahidi mlango, na nyuma ya mlango kuna nyumba.

25 Mei

Tukiwa tunayalinda maneno ya tangazo, tumegundua kwamba kitabu chenyewe kilikuwa kinavuja mahali pengi. Huu ndio upande ambao waandishi wa mara ya kwanza huufikiria kwa nadra, kwa kuwa wao wanakijua kisa na kila ishara kwao ni ya kawaida.

Mswada ulikuja na jina jingine ambalo lilikuwa na jina la mhusika ndani yake. Msomaji aliyeliona jina hilo kwenye jalada angekutana na mhusika huyo katika sura ya pili na kumkazia macho kuliko Mwalimu alivyokusudia, akijua kwamba mtu huyu ndiye mwenye kitabu. *Daftari la Pantoni* linataja kitu kinachoonekana tangu kurasa za mwanzo na halimnyooshei mtu yeyote kidole.

Mchoraji alituletea picha nzuri mno ya watu wakiwa wamesimama ndani ya pantoni jioni, mmoja wao akiwa amewapa wengine mgongo. Tuliikataa kwa huzuni. Kila anayetazama picha ile kwa dakika moja anamchagua yule aliyegeuka kuwa ndiye mwenye siri, na hata kama chaguo lake si sahihi, tumemwelekeza kwenye njia ambayo mwandishi hakuitengeneza. Picha mpya inaonyesha ukurasa wa daftari wenye mistari na wino uliofifia, na ukingo wa chini wa karatasi unageuka kuwa maji ya Mto Pangani. Nilimwomba mchoraji majina yasisomeke kabisa, kwa sababu watu hukuza picha kwenye simu na wangeyasoma.

Tabaruku lilikuwa hatari zaidi ya vyote. Mwalimu alikuwa amekitabaruku kitabu kwa mtu fulani kwa sentensi inayogusa moyo, ambayo kwa bahati mbaya inaeleza mtu huyo alifanya nini, na msomaji makini anayeanzia ukurasa wa tatu angeubeba ufahamu huo hadi mwisho. Hatukumwomba alifute, ni lake na lina haki ya kuwamo. Tumelihamishia ukurasa wa mwisho, ambako mtu aliyemaliza kusoma atalielewa lote, na Mwalimu mwenyewe amekiri kwamba huko linapiga kwa nguvu zaidi. Shukrani nazo zimelifuata huko.

Yaliyomo tumeyaondoa kabisa. Riwaya haihitaji yaliyomo kama kitabu cha kiada kinavyohitaji, na kichwa cha sura ya tisa kilikuwa kinataja tukio ambalo sura nane zinaliandaa. Sasa sura zina namba tu, na hata kurasa za mfano zikipigwa picha na kusambazwa hazitamfikisha mtu mbali.

8 Juni

Jalada linakwenda kwa mchapaji tarehe 12, na baada ya hapo maelezo ya nyuma hayabadiliki tena kwa nakala 500 za toleo hili. Nimeyasoma kwa sauti mara ya mwisho pamoja na mhariri.

Wenzetu wawili walipendekeza tuongeze sentensi ya kumlinganisha Mwalimu na Shaaban Robert, kwa kuwa naye ni mzaliwa wa Tanga. Nimeipinga na nafurahi kwamba Mwalimu ameipinga kwa ukali kuliko mimi. Ulinganisho wa aina hiyo humfanya msomaji afungue kitabu akimtafuta mtu mwingine, na mwandishi mpya huhukumiwa kwa kutokuwa yule aliyetajwa. Kilichoandikwa chini ya picha yake ni kwamba alifundisha jiografia na kwamba alikulia karibu na kivuko. Maneno hayo mawili yanatosha, kwa sababu yanamwambia msomaji kwamba mwandishi huyu anajua maji ya pale hujaa na kupwa vipi.

Kuhusu tarehe ya uzinduzi, palikuwa na hoja ya kuusogeza hadi 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Siku hiyo inafaa vitabu kwa jina, lakini kila taasisi inayoshughulika na lugha ina shughuli yake, na wahadhiri, waandishi wa habari na walimu wanagawanyika. Mwandishi anayejulikana anaweza kushindana nazo. Mwandishi mpya atapewa mstari mmoja mwishoni mwa habari. Tutaitumia tarehe hiyo kwa tangazo la pili, watu wanapokuwa wanazungumza juu ya lugha na vitabu, na uzinduzi utabaki tarehe 25.

22 Juni

Tangazo la kwanza limetoka leo, na ndani yake hamna jina la mwandishi wala la kitabu. Ni picha ya ukurasa wa daftari yenye maneno haya: "Walipanda kumi na mmoja. Waliteremka kumi na mmoja. Majina ni kumi na mawili." Chini yake kuna tarehe na neno Tanga.

Tarehe tumeiandika ndani ya picha yenyewe badala ya kuiweka katika maelezo yanayoambatana nayo, kwa sababu picha inapopita kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine mara nyingi maelezo yake hubaki nyuma. Hali ya WhatsApp nayo hutoweka baada ya saa 24, kwa hiyo kila tangazo lazima lijitegemee. Mtu anayeona la tatu bila kuona la kwanza asijihisi ameingia katikati ya mazungumzo.

Tangazo la pili, tarehe 7 Julai, litaonyesha jalada, jina la kitabu, jina la Mwalimu na maelezo yale ya nyuma. Tangazo la tatu, siku chache kabla ya uzinduzi, litakuwa la habari kavu: ukumbi, saa, bei ya shilingi 15,000 na namba ya kuagizia kwa walio mbali. Nimekataa kuliongezea la tatu fumbo jipya. Mtu anayetaka kuja anahitaji kujua aje wapi na saa ngapi, na fumbo likiwekwa juu ya saa huifunika saa.

9 Julai

Maswali yanayokuja baada ya tangazo la pili yanafanana na yale ya wasomaji wetu wa majaribio, na hilo linanipa imani. Swali jipya lililoulizwa na wengi ni kama kisa ni cha kweli. Tumekubaliana na Mwalimu kwamba jibu litakuwa moja kila mahali, redioni na ukumbini: mto, kivuko na mashamba ya mkonge ni vya kweli, karani na abiria wake wamebuniwa. Asiendelee kueleza alichokitoa kwenye maisha yake, kwa kuwa maelezo hayo yanapitia moja kwa moja kwenye lile tabaruku.

Kazi kubwa ya wiki hii imekuwa ukumbi. Katika uzinduzi wa vitabu kwetu kuna mhakiki, na mhakiki mwenye nia njema ndiye anayeweza kubomoa kazi ya miezi mitatu kwa dakika kumi. Tumezoea uhakiki wa darasani: muhtasari wa kisa, dhamira, wahusika na hatima zao, migogoro na utatuzi wake. Mpangilio huo umetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi ambao wameshasoma kitabu, ilhali ukumbini hakuna aliyekisoma. Nimemwandikia mhadhiri aliyekubali kuhakiki nikimwomba azungumzie usimulizi, lugha na mandhari, atoe mifano kutoka kurasa 31 za mwanzo tu, na uhakiki kamili auchapishe mwezi Septemba, watu wakiwa wameshasoma. Nilihofia kwamba ataona tunamfunga mdomo. Amejibu kwamba ombi hili linamlazimisha kuzungumzia sentensi za Mwalimu, jambo ambalo wahakiki husahau kwa sababu ya haraka ya kufika kwenye dhamira.

Mwalimu alitaka kusoma sehemu ya msiba, ambayo ndiyo anayoipenda kuliko zote, lakini iko ukurasa wa 140. Badala yake atasoma mwanzo wa sura ya pili, ambapo binti anafungua sanduku la baba yake. Tulibishana kwa upole juu ya mahali pa kukomea. Mimi nilitaka akome pale anapohesabu majina, yeye akaniuliza kwa nini watu wasikie ukumbini kile walichokisoma kwenye jalada. Hoja yake ni sahihi. Atakomea aya moja mbele, pale binti anapogundua kwamba jina moja limeandikwa kwa mwandiko mwingine, na sentensi inayofuata, inayosema mwandiko huo aliwahi kuuona wapi, hataisoma.

20 Julai

Nakala zimefika na nimezikagua: kurasa zimefuatana bila mkunjo kupinduliwa, rangi ya jalada imekaa, na tabaruku liko mahali pake mwishoni. Mabunda yatabaki yamefungwa hadi asubuhi ya uzinduzi. Watu wanaokisoma kabla ya siku hiyo ni mhakiki, mgeni rasmi na mtangazaji mmoja wa redio, na ndani ya kila nakala yao nimeweka kikaratasi kinachowaomba wasivuke ukurasa wa 31 wanapozungumza hadharani.

Kilichobaki ni mshereheshaji na wauzaji. Mshereheshaji nitampa sentensi moja ya kukitambulisha kitabu na kumwomba asibuni nyingine, hasa wakati wa mnada wa nakala ya kwanza, ambapo msisimko humfanya mtu aseme lolote ili kupandisha bei. Wauzaji mezani wataulizwa tena na tena kitabu kinahusu nini. Jibu lao ni hili: kinahusu binti anayekuta jina la ziada katika daftari la baba yake. Mteja akiuliza jina hilo ni la nani, wamfungulie ukurasa wa 18 na kumwachia kitabu mkononi.